Hadubini na darubini za lenzi mbili: taswira ya mwisho iko wapi, na ukuzaji ni mara ngapi?

Maswali haya nimeyakusanya kwa wanafunzi ninaowafundisha fizikia, na baadhi yameletwa na wazazi wanaowasaidia watoto jioni. Mengi yanahusu hesabu ileile, kwa hiyo nitatumia hadubini moja karibu ukurasa wote. Lenzi yake inayoelekea kitu ina urefu wa fokasi wa sm 1, na lenzi ya jicho ina urefu wa fokasi wa sm 5. Zote mbili ni lenzi mbinuko, yaani nene katikati. Zimetengana kwa sm 15.5, na kitu kimewekwa sm 1.1 mbele ya lenzi ya kwanza. Shika kalamu na karatasi, twende pamoja.

Lenzi ni mbili, kanuni ninayoijua ni ya lenzi moja. Nianzie wapi?

Anza na lenzi ya kwanza kana kwamba ya pili haipo kabisa. Itafute taswira yake. Ukishaipata, sahau kitu cha mwanzo, kwa sababu lenzi ya pili haikijui. Kinachofika kwenye lenzi ya jicho ni miale iliyokutana mahali pa ile taswira ya kwanza kisha ikaendelea na safari yake. Kwa lenzi ya jicho, taswira hiyo ndiyo kitu.

Kanuni ni ileile ya kila siku:

```
1/f = 1/u + 1/v
```

Hapa `u` ni umbali wa kitu kutoka kwenye lenzi na `v` ni umbali wa taswira. Ninatumia utaratibu wa alama ambao umbali wa vilivyo halisi ni chanya. Lenzi mbinuko ina `f` chanya, taswira halisi ina `v` chanya, na taswira isiyo halisi ina `v` hasi. Kama kitabu chako kinatumia utaratibu mwingine, majibu ya mwisho yatakuwa yaleyale, ila usichanganye taratibu mbili katika swali moja. Nimesahihisha karatasi nyingi ambamo lenzi ya kwanza ilikokotolewa kwa utaratibu mmoja na ya pili kwa mwingine, na hapo hakuna jibu linaloweza kuokoka.

Naomba hesabu yenyewe, hatua kwa hatua.

Lenzi ya kwanza: `f` = 1, `u` = 1.1.

```
1/v = 1/1 - 1/1.1 = 0.1/1.1
v = 11
```

Taswira ya kwanza iko sm 11 nyuma ya lenzi ya kwanza, ndani ya bomba la hadubini. Ni halisi, imepinduka, na ni kubwa kuliko kitu mara 11/1.1, yaani mara 10.

Sasa sogea kwenye lenzi ya jicho. Lenzi hizi zimetengana kwa sm 15.5, na taswira iko sm 11 kutoka ya kwanza. Basi iko 15.5 − 11 = sm 4.5 mbele ya lenzi ya jicho. Huo ndio `u` mpya.

```
1/v = 1/5 - 1/4.5 = -0.5/22.5
v = -45
```

Taswira ya mwisho iko sm 45 kutoka lenzi ya jicho. Lenzi ya jicho imekuza mara 45/4.5, yaani mara 10 nyingine.

Hatua inayoangusha wengi ni ile ndogo ya katikati, ya kutoa 11 kwenye 15.5. Mwanafunzi anayechukua 11 na kuiingiza moja kwa moja kama `u` ya lenzi ya pili atapata `v` chanya ya karibu sm 9.2, na hataona kosa lake kwa sababu namba inaonekana ya kawaida. Dawa yake ni kuchora mstari mmoja wa mhimili mkuu, kuweka lenzi mbili juu yake, kisha kuandika kila umbali ukiwa na mshale unaoonyesha umepimwa kutoka lenzi ipi. Huo mchoro hauhitaji rula.

Alama ya kutoa kwenye 45 ina maana gani? Taswira iko nyuma ya jicho langu?

Hapana. Alama hiyo inasema kwamba miale haikutani popote baada ya kutoka lenzi ya jicho. Inatawanyika, na ukiirudisha nyuma kwa rula inakutana sm 45 upande ule ilikotoka, yaani upande wa kitu. Bomba letu lina urefu wa sm 15.5 tu, kwa hiyo taswira ya mwisho "iko" chini kabisa, kupita slaidi yenyewe, pengine chini ya meza. Huwezi kuikamata kwa karatasi. Lakini jicho lako linapokea miale ile kana kwamba imetoka huko, na linajirekebisha kutazama umbali wa sm 45.

Kuhusu kupinduka: lenzi ya kwanza inapindua, lenzi ya jicho haipindui tena. Ndiyo maana herufi uliyoiweka wima kwenye slaidi unaiona miguu juu, na ukisogeza slaidi kulia, picha inakwenda kushoto.

Kwa hiyo ukuzaji ni 10 × 10 = 100?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na naomba ulisome jibu lake bila haraka.

Ukuzaji wa urefu ni 100, kweli. Tuseme unatazama kijidude chenye upana wa mm 0.1. Taswira ya kwanza ina mm 1, na taswira ya mwisho ina mm 10. Hakuna kosa hapo.

Ila jicho halipimi urefu. Jicho linapima pembe. Nguzo ya umeme iliyo mbali inaonekana fupi kuliko kijiti ulichokishika mkononi, ingawa nguzo ni ndefu mara nyingi. Taswira yetu ya mm 10 iko sm 45 mbali, wakati kitu chenyewe, bila chombo, ungekisogeza hadi sm 25 ili ukione vizuri, kwa maana hapo ndipo karibu zaidi ambapo jicho la kawaida huona bila kuumia. Kwa hiyo linganisha pembe mbili:

```
kwa hadubini:      10/450  = 0.0222
kwa jicho tupu:    0.1/250 = 0.0004
uwiano:            55.6
```

Hadubini hii inakuonyesha kitu kikubwa mara 56 hivi, si 100. Huu unaitwa ukuzaji wa pembe, na ndio unaoeleza unachokiona. Njia ya mkato ni kuzidisha ukuzaji wa lenzi ya kwanza kwa 25 gawanya kwa `u` ya lenzi ya jicho: 10 × 25/4.5, na jibu ni lilelile 55.6.

Katika mtihani, soma swali linataka nini. Likikupa umbali wa kitu na umbali kati ya lenzi, kisha likauliza "tafuta ukuzaji" baada ya kukutafutisha mahali pa taswira, mara nyingi linataka ukuzaji wa urefu, yaani 100. Likisema ukuzaji wa pembe, au uwezo wa kukuza wa chombo, linataka 55.6. Aina mbili hizi zinatoa jibu moja mahali pamoja tu: pale taswira ya mwisho inapokuwa sm 25 kamili.

Swali linasema "taswira ya mwisho iwe sm 25 kutoka kwenye jicho" na halitoi umbali wa kitu. Nafanyaje?

Unaanza mwisho na kurudi nyuma. Taswira ya mwisho ni isiyo halisi, kwa hiyo `v` = −25 kwa lenzi ya jicho. Kiini cha swali ni alama hiyo ya kutoa. Ukiisahau, swali zima limekwenda.

```
1/u = 1/5 + 1/25 = 6/25
u = 4.167
```

Taswira ya kwanza basi iko 15.5 − 4.167 = sm 11.333 kutoka lenzi ya kwanza. Rudi tena:

```
1/u = 1/1 - 1/11.333
u = 1.0968
```

Lenzi ya kwanza inakuza 11.333/1.0968, yaani mara 10.33. Lenzi ya jicho inakuza 25/4.167, yaani mara 6. Jumla ni mara 62.

Kama swali linasema jicho limetulia, au taswira ya mwisho iko kwenye umbali usio na kikomo, kazi ni rahisi zaidi. Taswira ya kwanza lazima ikae kwenye fokasi ya lenzi ya jicho, yaani `u` = 5. Basi `v` ya lenzi ya kwanza ni 10.5, ukuzaji wake ni 9.5, na lenzi ya jicho inatoa 25/5 = 5. Jumla ni 47.5. Hapa ukuzaji wa urefu hauna maana tena, kwa kuwa taswira ni kubwa isiyopimika na iko mbali isiyopimika. Ukuzaji wa pembe tu ndio unaobaki na namba.

Kitabu changu kina kanuni fupi ya L gawanya kwa f ya kwanza, zidisha 25 gawanya kwa f ya jicho. Mbona naikosa?

Kwa sababu `L` ya kanuni hiyo si umbali kati ya lenzi. Ni umbali kutoka fokasi ya nyuma ya lenzi ya kwanza hadi fokasi ya mbele ya lenzi ya jicho. Kwa hadubini yetu ni 15.5 − 1 − 5 = sm 9.5. Jaribu: 9.5/1 × 25/5 = 47.5, sawasawa na jibu letu la jicho lililotulia. Ukiweka 15.5 unapata 77.5, na hadubini hii haifiki huko.

Kanuni hiyo ni ya jicho lililotulia tu. Mimi huwashauri wanafunzi wasiikariri mpaka wawe wameipata wenyewe mara tatu kwa njia ndefu.

Kwenye maabara, nikizungusha gurudumu la kurekebishia kidogo tu, picha inapotea. Hesabu inaeleza hilo?

Inaeleza vizuri mno. Angalia namba tulizokwisha kupata. Kitu kikiwa sm 1.0968 kutoka lenzi ya kwanza, taswira ya mwisho iko sm 25. Kikiwa sm 1.1, iko sm 45. Kikiwa sm 1.105, hesabu inakupa zaidi ya mita 10. Na kikifika sm 1.1053 hivi, taswira imekwenda umbali usio na kikomo.

Yaani eneo lote ambalo jicho linaweza kuona picha safi, kutoka karibu kabisa hadi mbali kabisa, ni chini ya mm 0.1 ya mwendo wa slaidi. Ukivuka kidogo, tuseme umeweka kitu sm 1.12, taswira ya kwanza inaangukia sm 9.33, ambayo ni sm 6.17 mbele ya lenzi ya jicho. Hiyo ni nje ya fokasi yake, kwa hiyo lenzi ya jicho inatengeneza taswira halisi sm 26 hivi nyuma yake, kisogoni mwako. Miale inaingia jichoni ikiwa bado inakusanyika, na jicho haliwezi kufanya nayo chochote. Unaona ukungu tu. Ndiyo sababu hadubini ina gurudumu kubwa la kusogeza na dogo la kumalizia.

Hapo kuna funzo la karatasini pia. Mwanafunzi akikadiria 1.0968 kuwa 1.1 katikati ya kazi, taswira yake inaruka kutoka sm 25 hadi sm 45. Mwalimu anaona jibu lisilo sahihi na mwanafunzi anaapa kwamba hakukosea, na kweli hatua zake zote ni sawa. Beba tarakimu nne au tano hadi mwisho, au fanya kazi kwa sehemu, ndipo ukadirie.

Namba zilizoandikwa kwenye hadubini, kama 40× na 10×, zinahusianaje na haya?

Ni ukuzaji wa kila lenzi uliokwisha kokotolewa na mtengenezaji, wewe unazidisha tu. Lenzi ya jicho ya 10× ina urefu wa fokasi wa mm 25, kwa maana 250/25 ni 10. Ukiiunganisha na lenzi ya 40× unapata 400. Wapimaji wa malaria hutumia ya 100× yenye tone la mafuta, jumla 1000. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 au 8, kwa hiyo inaonekana kama kitu cha mm 7 au 8 kilichowekwa sm 25 mbele yako, na kidudu kilichomo ndani yake kinaonekana.

Kupanda hadi 5000 kwa kubadilisha lenzi ya jicho hakusaidii. Mwanga wenyewe ni mawimbi, na vitu viwili vilivyokaribiana chini ya mikromita 0.2 hivi vinachanganyika tayari kwenye taswira ya kwanza. Lenzi ya jicho itakuza mchanganyiko huohuo.

Kwenye darubini hawanipi umbali wa kitu kabisa. Natumia nini?

Kitu kiko mbali sana, kwa hiyo `1/u` ni sifuri na taswira ya kwanza inaangukia kwenye fokasi ya lenzi ya kwanza. Kazi ya lenzi ya kwanza imekwisha. Chukua darubini ya lenzi ya sm 90 na lenzi ya jicho ya sm 2.5. Jicho likiwa limetulia, taswira hiyo inakaa pia kwenye fokasi ya lenzi ya jicho, hivyo umbali kati ya lenzi ni 90 + 2.5 = sm 92.5. Ukuzaji wa pembe ni 90/2.5 = 36. Mwezi, ambao kwa jicho tupu unachukua nusu digrii, utachukua digrii 18 hivi.

Wakitaka taswira ya mwisho iwe sm 25, lenzi ya jicho inasogezwa ndani kidogo. `1/u` = 1/2.5 + 1/25, `u` ni 2.273, na ukuzaji unakuwa 90/2.273 = 39.6. Urefu wa chombo ni sm 92.27. Mambo yanabadilika kidogo sana.

Je, darubini inaukuza Mwezi kweli?

Kwa urefu, hapana, na hapa ndipo ukuzaji wa pembe unapoonyesha umuhimu wake. Mwezi una kipenyo cha kilomita 3,474 na uko kilomita 384,400 hivi kutoka kwetu. Taswira yake ya kwanza ndani ya darubini yetu ina upana wa 90 × 3474/384400, yaani sm 0.81. Mwezi mzima ule umekuwa kitu cha mm 8. Lakini mm 8 hizo unazitazama ukiwa sm 2.5 tu kutoka kwake kwa msaada wa lenzi ya jicho, na pembe ndiyo inayokua.

Taswira hiyo unaweza kuishika. Nimefanya hivi na wanafunzi usiku wa mbalamwezi: lenzi ya kwanza kwenye kisimamio, kipande cha karatasi ya kunakilia michoro mahali pa fokasi, na Mwezi mdogo unatokea juu ya karatasi, miguu juu. Kisha unautazama kwa lenzi ya jicho kutoka nyuma ya karatasi. Mwishowe unaondoa karatasi polepole. Picha haipotei. Inabaki palepale hewani, ikiwa angavu zaidi na safi zaidi, kwa sababu karatasi ilikuwa inatawanya mwanga. Aliyeliona hilo haulizi tena kwa nini taswira ya lenzi ya kwanza inaitwa kitu cha lenzi ya pili. Jaribio hili ni la Mwezi tu. Usilifanye kwa Jua, na usitazame Jua kwa darubini kamwe. Macho hayarudi.

Nikitazama mti wa karibu badala ya Mwezi, inanibidi nivute lenzi ya jicho nje. Kwa nini?

Mti ulio mita 50 hauko mbali vya kutosha. `1/v` = 1/90 − 1/5000, na `v` inatoka sm 91.65. Taswira ya kwanza imesogea nyuma sm 1.65, na lenzi ya jicho lazima iifuate umbali huohuo. Ukuzaji nao unapanda kidogo, 91.65/2.5, karibu 36.7 ukilinganisha na kuutazama mti ukiwa palepale ulipo.

Darubini ya Galileo ilikuwa na lenzi ya jicho iliyobonyea katikati. Hesabu inabadilika?

Utaratibu haubadiliki, alama ndizo zinazokuja na mtego. Darubini ambazo Galileo alizielekeza angani kuanzia mwaka 1609, na akaona miezi minne ya sayari ya Mshtarii Januari 1610, zilikuwa na lenzi mbonyeo upande wa jicho. Muundo wa lenzi mbili mbinuko ulielezwa na Kepler mwaka 1611.

Tuseme lenzi ya kwanza ni ileile ya sm 90, na ya jicho ina `f` = −2.5. Unaiweka kabla ya mahali pa taswira ya kwanza, sm 87.5 kutoka lenzi ya kwanza. Taswira ya kwanza ingeangukia sm 2.5 nyuma ya lenzi ya jicho, ila miale inanaswa kabla haijafika. Kitu kilicho upande usio wake hupewa `u` hasi, yaani −2.5.

```
1/v = 1/(-2.5) - 1/(-2.5) = 0
```

Miale inatoka sambamba na taswira iko kwenye umbali usio na kikomo. Ukuzaji ni 36 uleule, chombo ni kifupi kwa sm 5, na taswira iko wima, kwa maana miale haikupata nafasi ya kukutana na kupindua picha. Unacholipa ni upana: eneo unaloliona kwa mara moja ni dogo mno, na kadiri ukuzaji unavyopanda ndivyo linavyozidi kubana.